Adapta ya taipu-C: kwenye simu kimya, kwenye laptopu inavuma shiii. Kibovu ni kipi?

Kijana_Tabata

Wakuu, habari za jioni. Juzi nilichukua Kariakoo adapta ya sauti ya taipu-C, ile yenye mkia mfupi na tundu la milimita 3.5 mbele, kwa sababu simu yangu haina tundu la iafoni. Duka la pili yake nikachukua iafoni za waya za kuziba sikio. Tulijaribu palepale kwenye simu yangu hii hii, wimbo ukapiga safi, nikalipa nikaondoka.

Nafika nyumbani, nachomeka, kimya. Wimbo unatokea kwenye spika ya simu kama vile sijachomeka kitu.

Nikaihamishia kwenye laptopu, inatumia Linux, kwa kigeuzi cha USB ya kawaida kwenda taipu-C. Huko inapiga, ila kuna mvumo, shiii ambayo ipo hata wimbo ukiwa wa taratibu kabisa. Aliyeniuzia adapta anasema iafoni ni mbovu. Aliyeniuzia iafoni anasema nirudishe adapta. Nimrudishie nani?

FundiMsasani

Umeme huo, mkuu. Adapta zinakula miliampea 500, simu haiwezi kuzitoa, ndiyo maana kimya. Laptopu inaweza, ndiyo maana inapiga. Na hiyo shiii ni chipu feki, chipu halisi haivumi. Irudishe, utafute yenye tundu la pembeni la chaji ili ijitegemee umeme.

Nyota_Mvita

Afadhali nimekutana na uzi huu, nami nateswa na hilohilo. Yangu ni ya Apple ya taipu-C, naitumia kwenye simu ya Android. Haivumi hata kidogo lakini sauti ni ndogo mno, nikipandisha mpaka mwisho bado nasikia watu wa matatu wakiongea. Kwenye kompyuta ya kazini inapiga kwa nguvu. Je, ni umeme pia?

Zuhura_Tanga

Nyota, yako ni jambo jingine, nitakujia. Nianze na kijana.

Una matatizo mawili yaliyokutana kwenye kifaa kimoja, na ukiyachanganya utarudisha kitu kizima dukani. Kimya ni habari ya simu na adapta kuelewana. Shiii ni habari ya adapta na iafoni. Naomba unijibu haya kabla mtu hajakwambia utupe chochote:

Ukiichomeka kwenye simu, inakaa mpaka mwisho, au kava la simu linaizuia? Mulika tochi ndani ya tundu la chaji pia. Vumbi la mfukoni hujikandamiza nyuma kabisa, na plagi ikibaki nje hata milimita moja, chaji inaweza kupita na data isipite.

Kwenye laptopu, ukipandisha na kushusha sauti, shiii inabadilika au inabaki vilevile?

Ukisimamisha wimbo, je, shiii inaendelea milele au inakatika baada ya muda?

Na simu ni ya kampuni gani, Android namba ngapi?

Kijana_Tabata

Dada Zuhura, asante. Kava nimelivua, tundu nimelisafisha kwa kijiti cha meno kilichochongwa, umetoka uzi wa jinzi wa kutosha. Sasa plagi inaingia na kubana vizuri. Bado kimya.

Shiii haibadiliki. Sauti ikiwa asilimia 5 au 60, ni ileile.

Nikisimamisha wimbo inaendelea sekunde chache, halafu nasikia "tik" ndogo na mvumo unakatika kabisa. Nikiwasha wimbo tena, tik, mvumo unarudi kabla hata muziki haujaanza.

Simu ni Realme, Android 11.

Zuhura_Tanga

Hiyo "tik" imekusaidia kuliko maneno ya wauzaji wote wawili.

Iafoni ya waya haina umeme wake. Ndani ni spika ndogo tu, haiwezi kutengeneza mvumo peke yake. Adapta ikiona hakuna muziki, inazima amplifaya yake kwa ajili ya kuokoa umeme, na hapo ndipo shiii inapokatika. Kwa hiyo mvumo unazaliwa kwenye adapta. Na kwa kuwa haufuati voliumu, unazaliwa baada ya mahali voliumu inaporekebishwa, yaani kwenye hatua ya mwisho kabisa ya kusukuma iafoni. Ingekuwa kelele ya kurekodia, ingepanda na kushuka pamoja na wimbo.

Lakini hilo halimaanishi adapta ni mbovu. Nitaeleza.

Kwanza kimya. Simu za Realme, kama ndugu zake Oppo na OnePlus, nyingi zina swichi ya OTG, inayoiruhusu simu kutumia vifaa vya USB, ndani ya mipangilio, na swichi hiyo hujizima yenyewe ikikaa dakika 10 bila kifaa. Ingia kwenye Settings, tafuta neno `OTG`, iwashe, kisha chomeka adapta.

Kijana_Tabata

INAPIGA! Kumbe yule wa dukani alinishika simu kidogo kabla ya kujaribu, nikadhani anatafuta wimbo.

Sasa hapo hapo nieleze, dada. Shiii ipo na kwenye simu pia.

FundiMsasani

Haya, OTG nakubali. Ila umeme ni umeme. Kuna siku nilichomeka adapta kwenye iPhone ya shemeji yangu ikaandika kwamba kifaa kinahitaji umeme mwingi. Msimdanganye kijana.

Zuhura_Tanga

Fundi, hujakosea, umekuza tu. Hizo 500 ni kikomo cha USB 2.0, kiasi ambacho kifaa kinaweza kuomba kwa wingi. Kila kifaa kina tamko lake ndani linaloiambia simu au kompyuta "mimi nitahitaji hadi kiasi fulani". iPhone za tundu la zamani, la Lightning, zilikuwa kali kwenye jambo hilo. Tamko likizidi kama miliampea 100, simu inakataa hata kama kifaa chenyewe kwa kweli kinakula nusu yake. Kwa hiyo shemeji yako alikataliwa kwa karatasi, si kwa tumbo.

Kijana, kwa kuwa una Linux, soma tamko la adapta yako:

```
aplay -l
lsusb -v 2>/dev/null | grep -E "idProduct|MaxPower"
```

Amri ya kwanza ikuonyeshe kama laptopu inaiona kama kadi ya sauti. Ya pili itakupa mistari mingi, tafuta yenye jina la adapta.

Kijana_Tabata

`aplay` inaiona, imeandika USB Audio. Kwenye `MaxPower` ya adapta ni `100mA`.

Masanja_Mza

Nina kile kipimo kidogo cha USB cha kuchomeka katikati, kinachoonyesha volti na ampea. Nimepima adapta yangu ya aina hiyo hiyo, yenye mkia: bila wimbo inazunguka kwenye miliampea 40 hivi, ikipiga inafika 60. Tamko lake nalo ni 100. Kwa hiyo kwa simu yenye betri ya 4000 ni kama asilimia mbili na kidogo kwa saa kwa ajili ya adapta peke yake. Zile kubwa zenye chipu mbili na tundu la milimita 4.4 nimeziona zikipita 150, hizo zinachemka mfukoni kabisa.

FundiMsasani

Basi hapo nimewahi kushika hizo kubwa. Sawa.

Bwana_Soksi

Nitoe angalizo moja kuhusu kimya kwa wengine watakaopita hapa. Kuna adapta za bei ya chini ambazo hazina chipu ndani kabisa, ni waya tu. Zinategemea simu itoe sauti ya analogi kupitia tundu la taipu-C, na baadhi ya simu zinatoa, nyingi hazitoi. Njia ya kuzitambua ni hiyo ya Zuhura: chomeka kwenye kompyuta. Kama `aplay -l` au orodha ya vifaa vya sauti haiongezeki kitu, umeuziwa waya. Ya kijana imeonekana, kwa hiyo ina DAC yake, yaani chipu ya kugeuza data kuwa sauti.

Na yeyote aliyewahi kuchezea Developer options aangalie `Disable USB audio routing`. Ikiwa imewashwa, simu inaitambua adapta lakini wimbo unabaki kwenye spika.

Mzee_wa_Kaseti

Vijana, mimi nina adapta kama ya Masanja na hedifoni yangu ya Sennheiser HD 600, za omu 300. Usiku wa manane, feni nimezima, sisikii shiii yoyote. Adapta za namna hiyo ni kimya kabisa. Kwa hiyo huyo muuza adapta anasema kweli, iafoni za huyu kijana zina hitilafu. Arudishe iafoni.

Zuhura_Tanga

Shikamoo mzee. Masikio yako hayana kosa, ila hedifoni yako na iafoni zake hazisikii kwa kipimo kimoja.

Kijana, kwenye boksi la iafoni kuna maandishi mawili: omu na dB. Nisomee. Na kama karatasi ya adapta imeandika kelele, nayo nipe.

Kijana_Tabata

Iafoni: omu 16, 106 dB/mW. Ndani ya kila upande wanasema kuna spika moja ya kawaida na vispika viwili vidogo vya aina nyingine kwa ajili ya sauti za juu.

Adapta: voltage ya kutoa 1 Vrms, kelele mikrovolti 10.

Zuhura_Tanga

Vizuri, tuhesabu pamoja, si ngumu.

Hiyo 106 ni kwa miliwati moja. Adapta haitoi miliwati, inatoa volti, kwa hiyo tunaigeuza iwe kwa volti moja. Kwa omu 16 unaongeza desibeli 18. Iafoni zako kwa hiyo ni 124 kwa volti moja.

Kelele ya adapta ni mikrovolti 10, yaani sehemu moja ya laki moja ya volti. Kwa desibeli hiyo ni kutoa 100. Basi shiii yako sikioni ni 124 kutoa 100, ni 24. Chumba cha kulala tulivu usiku kina desibeli 25 hadi 30, lakini mpira wa iafoni umeziba sikio na kuzima kelele nyingi za chumba, ndiyo maana 24 inasikika waziwazi.

Mzee, HD 600 imetajwa kuwa 97 kwa volti moja. 97 kutoa 100 ni -3. Hakuna binadamu anayesikia hiyo. Adapta ileile, kelele ileile, tofauti desibeli 27. Kwa hiyo hakuna kibovu hapo, kuna vitu viwili vizima visivyofaana.

Mzee_wa_Kaseti

Marahaba binti. Nimeipenda hesabu. Lakini tusiseme kila shiii ni hivyo, kaseti zangu nazo zina shiii.

Zuhura_Tanga

Kaseti shiii yake inafuata voliumu, mzee. Ukipunguza inapungua.

Kijana_Tabata

Kwa hiyo nifanyeje? Nikipunguza voliumu haisaidii, tumeshaona. Ninunue adapta nyingine?

Zuhura_Tanga

Ungekuwa na adapta yenye kitufe cha gain ningekwambia weka chini kwanza, maana kwenye nyingi mvumo hushuka nayo. Yako haina. Na usikimbilie tundu la balansi la 4.4 kwa kudhani ni bora: kwa kawaida linatoa volti mara mbili, na mvumo nao unapanda kidogo. Kwa iafoni nyepesi kama zako ni kurudi nyuma.

Njia ya pili ni adapta yenye kelele ya chini zaidi. Ukipata ya mikrovolti 2, unashuka desibeli 14, shiii inakuwa 10 tu. Hiyo karibu hutaisikia.

Njia ya tatu ni kuweka rezista kati ya adapta na iafoni. Unapoteza sauti, lakini sauti unayo ya kumwaga.

Masanja_Mza

Hapo rahisi. Kuna vigeuzi vya jeki vinauzwa vyenye rezista ya omu 75 ndani, unachomeka tu katikati. Kwa iafoni ya 16 inakupunguzia desibeli 15. Mimi nilitumia, mvumo ulikwisha.

Zuhura_Tanga

Masanja, kwa iafoni yenye spika moja nakubaliana nawe. Lakini za kijana zina vispika vitatu kila upande, na hizo omu 16 za boksi ni wastani wa jina tu. Mara nyingi sauti za juu zinakuta omu tofauti kabisa na sauti za kati. Chukulia juu zinashuka hadi 8. Kwa 75 iliyo mbele, sauti za kati zinapungua 15 na za juu zinapungua 20. Desibeli 5 za juu zimepotea, msanii anasikika kama ana mafua. Iafoni nyingine inakwenda kinyume, juu zinakuwa kali. Hakuna kilichoharibika, ila si iafoni uliyonunua tena.

Rezista mbili kwa kila upande zinatatua. Moja ya omu 22 inakaa njiani kutoka adapta kwenda iafoni. Ya pili ya omu 3.3 inakaa baada ya ile ya kwanza, kutoka kwenye njia hiyo kwenda kwenye waya wa ardhi, sambamba na iafoni. Kwa iafoni ya 16, sauti inashuka desibeli 19. Shiii yako inatoka 24 inakwenda 5. Na iafoni sasa inaona chanzo cha omu kama 2.9 tu badala ya 75, kwa hiyo ile tofauti ya juu na kati inabaki kama desibeli moja na kidogo.

Sauti ya mwisho itakuwa bado 105 kwa volti nzima ya adapta. Hiyo ni kali, huitaki.

FundiMsasani

Sasa hapa ndipo nakubana. Ukizuia sauti kwa rezista, itabidi apandishe voliumu, na akipandisha adapta itakula umeme zaidi. Si umerudi kulekule?

Zuhura_Tanga

Swali zuri. Kwa kusikiliza kawaida, tuseme desibeli 80, iafoni zake zinahitaji milivolti 6 tu. Hiyo ni chini ya nusu miliampea. Na rezista zikiwepo, adapta itatoa milivolti 57 hivi kwenye mzigo wa omu 25 hivi, yaani miliampea 2 na kidogo. Masanja ametuambia adapta yenyewe inakula 60. Umeme wake unaliwa na chipu, iafoni inaonja tu.

Ndiyo maana hata iafoni nyepesi haiokoi betri kama watu wanavyodhani.

FundiMsasani

Hapo nimekaa.

Kijana_Tabata

Nani anauza kitu hicho kikiwa tayari?

Masanja_Mza

Zipo za kiwandani, iEMatch ya iFi ni mojawapo, lakini kuipata hapa na bei yake ni habari nyingine. Tengeneza. Nunua waya wa kurefusha iafoni, wa kiume upande mmoja na wa kike upande wa pili, ukate katikati. Rezista za robo wati zinatosha kabisa. Chagua za asilimia 1 ili kushoto na kulia viwe sawa, la sivyo sauti ya mwimbaji itaegemea upande.

Utakutana na waya nyembamba kama nywele, moja nyekundu, moja ya kijani, na moja au mbili rangi ya shaba, hizo kwa kawaida ndizo ardhi. Thibitisha kwa mita, rangi hubadilika. Zinaonekana kama zimevuliwa tayari, lakini zimepakwa vanishi. Ukilehemu hivyohivyo risasi itateleza kama maji juu ya jani la mgomba. Weka tone la risasi kwenye ncha ya pasi, ingiza waya ndani ya tone, subiri mpaka moshi mdogo utoke na waya ung'ae. Hapo umeshika.

Na hakikisha plagi ya waya ina vipande vitatu vya chuma, si vinne vyenye maiki, maana hicho cha nne kitakuchanganya.

Nyota_Mvita

Samahani, bado niko hapa 😅

Zuhura_Tanga

Nyota, sikukusahau. Adapta ya Apple ina voliumu yake ndani, na Android nyingi zinaiacha chini huku kitelezi cha simu kikiendesha voliumu nyingine ya juu yake. Kompyuta ya kazini inaipandisha hiyo ya ndani. Umeme hauhusiki. Kuna aplikesheni za kucheza muziki zinazozungumza na USB moja kwa moja, kama USB Audio Player PRO, zinaweza kuipandisha. Ila zinafanya hivyo kwa nyimbo zinazochezwa humo tu, YouTube yako itabaki chini. Na pia kuna toleo la Ulaya lenye nusu volti badala ya moja, kama ilinunuliwa huko.

Nyota_Mvita

Ndugu yangu aliileta kutoka Ujerumani. Lakini kwenye kompyuta mbona inapiga sana?

Zuhura_Tanga

Nusu volti ni desibeli 6 tu chini, kwenye iafoni bado ni nyingi. Kinachokubana zaidi ni Android. Jaribu kwanza, utuambie.

Kijana_Tabata

Nimerudi. Nilimpelekea fundi wa redio hapa mtaani, rezista zote nne zikaingia ndani ya mpira wa kuhifadhi waya, ukasinyazwa kwa moto. Naweka voliumu ya simu karibu asilimia 65, zamani nilikuwa kwenye 20.

Usiku, taa zimezimwa, nimesubiri ile "tik". Naisikia tik kwa mbali, shiii lazima niitafute. Wimbo ukianza haipo. Sauti za juu zipo kama zilivyokuwa. Fundi alisahau upande mmoja kuunganisha ardhi mwanzoni, ule upande ukawa unapiga kwa nguvu kuliko mwingine, tukaufungua tena.

Jambo moja jingine. Kwenye laptopu ikiwa inachaji kuna sauti nyembamba, "wiiii", inabadilika nikisogeza kipanya au kufungua ukurasa. Nikichomoa chaja inatoweka. Hiyo ilikuwepo hata kabla, ila shiii ilikuwa inaifunika.

FundiMsasani

Hiyo safari hii mniachie. Chaja yako ni ya pini mbili, haina ardhi. Tafuta ya pini tatu, na soketi iwe na ardhi kweli, si tundu la tatu la urembo.

Zuhura_Tanga

Inaweza kuwa. Lakini sauti inayofuata kipanya mara nyingi inatoka kwenye laini ya volti 5 ya USB: laptopu ikifanya kazi, umeme wa tundu unachezacheza na adapta ndogo haina nafasi ya kuuchuja. Chaja mbovu inaongezea tu. Kabla ya kununua chaja jaribu tundu la USB la upande mwingine wa laptopu, mara nyingi halitoki sehemu ileile ya bodi. Halafu gusa kwa kidole chuma cha laptopu wakati inalia, kama kuna skrubu au sehemu isiyopakwa rangi.

Kijana_Tabata

Tundu la upande wa pili: imepungua, haijaisha. Nikigusa skrubu ya chini: inapungua zaidi, nikiachia inarudi.

FundiMsasani

Si nilisema! Ardhi hiyo.

Zuhura_Tanga

Kugusa kukisaidia kunaelekea upande wako, fundi. Lakini kubadilika kwa tundu kunaelekea upande wangu. Inawezekana ni vyote viwili. Kijana, azima chaja ya pini tatu ya laptopu yako hiyohiyo, volti sawa na plagi sawa, uijaribu mahali ambapo una uhakika soketi ina ardhi. Usinunue kwanza.

Masanja_Mza

Hakikisha ni volti sawa kweli, si plagi kuingia tu. Nimeona bodi ya laptopu ikiungua hivyo.

Kijana_Tabata

Kazini kuna moja yenye volti 19.5 kama yangu, nitaiomba Jumatatu. Kwa sasa nasikilizia simu, na laptopu nikiihitaji natumia betri.

Nyota_Mvita

Nimeweka ile aplikesheni. Nyimbo zangu zinapiga mpaka nimeshtuka. YouTube bado ndogo.